Pimeni kwa Kipimo Kimoja: Umri wa Ndoa, Idadi ya Wake na Watu wa Kale



Hakuna wiki inayopita bila kijana wetu kuletewa lile swali. Umeweka posti kuhusu haki ya vitambulisho, au kuhusu kijana aliyepotea mikononi mwa polisi, mara mtu anatokea kwenye komenti: "Kwanza tuambie Mtume wenu aliolewa na wangapi, na yule mdogo alikuwa na miaka mingapi?" (Ndiyo, wengine hata hawajui kwamba mwanamume huoa, haolewi.) Mnajua kinachofuata. Wengine wetu wanatukana. Wengine wanafuta posti na kunyamaza. Na wengine, hawa ndio wananiudhi zaidi, wanajibu kwa kutetea ndoa za watoto wa leo, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Yote matatu ni kushindwa. Leo nataka tulijibu swali lenyewe, kwa sababu lina jibu. Na jibu lake lina makali pande mbili: linamkata anayetudhihaki, na linamkata pia yule wa kwetu anayetaka kuificha tamaa yake nyuma ya historia.

Twende polepole. Na ili mtu asiseme tunajipendelea, tuanzie mbali na kwetu kabisa. Tuanzie Uingereza.

MSICHANA WA MIAKA 12

Mwaka 1443 alizaliwa Margaret Beaufort, mtoto wa pekee wa mtawala wa Somerset. Baba yake alifariki kabla binti hajafika mwaka, akamwachia mashamba na mali nyingi sana. Mtoto yatima mwenye mali, katika Uingereza ya wakati ule, alikuwa chini ya mamlaka ya mfalme, na mfalme aliweza kumpa yeyote anayemtaka haki ya kumlea na kumwoza. Margaret alifungishwa ndoa ya kwanza akiwa bado mtoto mdogo kabisa. Ndoa hiyo ikavunjwa mwaka 1453. Mwaka 1455, akiwa na miaka 12, akaozwa Edmund Tudor, ndugu wa mfalme kwa mama, mwanamume wa miaka ishirini na kitu.

Je, sheria ilivunjwa? Hapana. Sheria ya Kanisa katika Ulaya yote ya magharibi ilisema msichana anaweza kuolewa akifika miaka 12 na mvulana 14. Uchumba uliweza kufungwa tangu miaka 7. Na msidhani sheria hii ilizikwa zamani sana. Uingereza iliendelea na 12 na 14 mpaka mwaka 1929, ndipo Bunge likaweka 16 kwa wote. Hesabu mwenyewe: reli ya Mombasa ilikuwa imeshafika Kisumu miaka mingi, na huko London msichana wa miaka 12 bado aliweza kuolewa kihalali.

Lakini hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu wengi wetu tunaishia hapo. Tunasema "na nyinyi pia mlifanya," tunapiga vigelegele, tunaondoka. Hilo si jibu. Kosa la mwingine halijawahi kumsafisha mtu. Tuendelee na Margaret mpaka mwisho wa kisa chake, maana ndani yake kuna funzo kubwa zaidi.

Desturi ya watu wa tabaka lile ilikuwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza ni mkataba: ndoa inafungwa, mali zinaandikwa, familia zinaungana. Hatua ya pili ni kuishi pamoja kama mume na mke, na hiyo mara nyingi ilisubiri mpaka mwili wa msichana ukomae. Mfano mzuri ni Isabella wa Ufaransa. Alifungishwa ndoa na Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza mwaka 1396 akiwa hajatimiza miaka 7, na mfalme alikuwa na karibu miaka 30. Alilelewa kama mtoto, na mfalme alipopinduliwa na kufa, akarudishwa kwao bado akiwa mtoto. Ndoa ilikuwa imefungwa, lakini maisha ya ndoa hayakuwapo. Akaja kuolewa tena, na mwaka 1409 akafa kwa uzazi akiwa na miaka 19.

Edmund Tudor hakusubiri. Kwa nini? Fuata pesa. Sheria ya Uingereza ilisema mwanamume akimzalisha mtoto hai mke mwenye mali, anapata haki ya kuitumia ardhi ya mke huyo maisha yake yote, hata mke akifa. Bila mtoto, mke akifa, ardhi inaondoka. Kwa hiyo mimba ya Margaret ilikuwa ni kama hati ya shamba. Msichana akashika mimba akiwa na miaka 12. Edmund mwenyewe hakuila hiyo mali: alikufa kwa tauni Novemba 1456. Tarehe 28 Januari 1457, katika ngome ya Pembroke, Margaret akajifungua akiwa mjane wa miaka 13. Mtoto akaja kuwa Mfalme Henry wa Saba.

Margaret aliolewa tena mara mbili baada ya hapo, na hakupata mtoto mwingine maisha yake yote. Wanahistoria wengi wanaamini kuzaa kule kulimharibu mwili.

Sasa sikiliza hili. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1498, mwanawe alikuwa mfalme na alikuwa akipanga kumwoza binti yake, aliyeitwa pia Margaret, kwa mfalme wa Uskoti. Binti alikuwa na miaka 8. Waliosimama kupinga haraka hiyo ni wanawake wawili: mama wa binti, na bibi yake, Margaret Beaufort mwenyewe. Mfalme alimweleza balozi wa Hispania kwamba wanawake hao wanahofia mfalme wa Uskoti hatasubiri, na kwamba atamdhuru mtoto. Safari ikacheleweshwa mpaka mwaka 1503. Hata hapo alikuwa na miaka 13, ambayo kwa macho yetu bado ni utoto. Lakini mnaona? Ndani ya zama zilezile, chini ya sheria ileile, kulikuwa na watu walioweza kusema: hapa desturi imevukwa, hapa mtoto anaumizwa.

Kwa hiyo "kila zama na desturi zake" haina maana kwamba watu wa zamani hawakuona madhara. Maana yake ni kwamba ukitaka kumhukumu mtu wa kale, lazima ujue kwanza desturi yake ilikuwa ipi, mipaka yake ilikuwa wapi, na kama yeye aliivuka. Nambari tupu ya umri haikuambii lolote kati ya hayo.

UTAIJUAJE DESTURI YA WATU WALIOKUFA?

Swali zuri. Mtu anaweza kudai "ilikuwa kawaida" kuhusu jambo lolote. Tunahitaji kipimo.

Kipimo bora ninachokijua ni hiki: wasikilize maadui wa mtu huyo. Rafiki atakuficha. Adui anayeishi mtaa mmoja na wewe, anayejua mila ileile, hatakuachia upenyo hata wa sindano. Ukivunja mila, yeye ndiye atakayepiga kelele kwanza.

Kijaribu kwa Henry wa Nane, mjukuu wa Margaret, mwenye wake sita. Idadi yenyewe si kubwa. Lakini katika desturi ya Kanisa lake ndoa ya kwanza ilikuwa haivunjiki, na kwa hiyo kelele zilipigwa siku zilezile: Papa alikataa, ufalme ukatengana na Roma, na Thomas More akakatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kula kiapo. Hapo tunajua desturi ilivunjwa, kwa sababu watu wa zama zile wenyewe walisema.

Sasa twende Makka na Madina kwa kipimo hichohicho.

Maquraishi walimwita Mtume (s.a.w.) mwendawazimu. Wakamwita mshairi, mchawi, mtu anayefundishwa na wageni. Madina wanafiki walimzulia mkewe Bibi Aisha (r.a.) uongo mkubwa kuhusu heshima yake. Hawa hawakuwa watu wa kuona haya. Na ndoa moja ya Mtume waliishambulia waziwazi: ndoa ya Bibi Zaynab bint Jahsh, katika mwaka wa tano wa Hijra. Kwa nini? Kwa sababu Zaynab alikuwa ameachwa na Zayd, na Zayd alikuwa mtoto wa kulea wa Mtume. Mila ya Waarabu ilimhesabu mtoto wa kulea kama wa kumzaa, kwa hiyo kuoa aliyekuwa mke wake kulikuwa aibu. Kelele zikapigwa mpaka aya za Suratul Ahzab zikashuka kulimaliza jambo hilo. Na karne moja baadaye Yohana wa Dameski, mwanazuoni Mkristo aliyeandika dhidi ya Uislamu, alilishika jambo la Zaynab na Zayd.

Na ndoa ya Bibi Aisha? Kimya. Riwaya iliyo katika Bukhari na Muslim, iliyopokewa kutoka kwake mwenyewe, inasema alifungishwa nikahi akiwa na miaka 6 na akahamia nyumbani kwa Mtume, baada ya Hijra, akiwa na miaka 9. Sitaificha, na wewe usiifiche, iko kitabuni na wanaokudhihaki wanaijua. Wapo waandishi Waislamu wa karne hizi mbili za karibuni wanaosema alikuwa mkubwa zaidi. Wanapiga hesabu kwa umri wa dada yake Asmaa, ambaye anatajwa kumzidi kwa miaka kumi, na kufikia miaka ya juu ya ujana. Wanazuoni wengi wa hadithi hawaikubali hesabu hiyo. Mjadala uko, na ni wa elimu. Lakini hoja yangu haitegemei upande wowote. Hata ukichukua riwaya mashuhuri ilivyo, hakuna Mquraishi, mnafiki wala kabila lililopigana na Mtume linaloripotiwa kusema "huyu amefanya ajabu." Tena riwaya zinataja kwamba kabla ya Mtume binti huyo alishatajwa kwa mtoto wa Mut'im, mkuu mmoja wa Kiquraishi ambaye hata hakuwa Mwislamu. Yaani posa hiyo ilikuwa ya kawaida kwa wapagani wa Makka pia.

Na zile hatua mbili tulizoziona kwa Isabella, unaziona tena hapa: nikahi kwanza, kuhamia baadaye.

Unataka kujua lini umri huo ukawa silaha kubwa? Wapinzani wa Ulaya wa karne za kati walizoea kushambulia wingi wa wake. Umri ulikuja kushika nafasi ya mbele katika zama za karibuni, wakati sheria za Ulaya zenyewe zilipoanza kubadilika. Uingereza ilipandisha umri wa kuridhia kutoka 12 hadi 13 mwaka 1875, na hadi 16 mwaka 1885. Jimbo la Delaware kule Marekani, mwaka 1880, lilikuwa bado limeandika miaka 7. Walipobadilisha rula yao, wakaigeuza nyuma na kumpimia kila mtu isipokuwa mababu zao.

NA IDADI JE?

Hapa pia watu hutaja nambari wakaacha hesabu. Tuifanye.

Mtume alioa mara ya kwanza akiwa na miaka 25. Aliyemwoa ni Bibi Khadija, mjane, mfanyabiashara, ambaye kwa riwaya mashuhuri alikuwa na miaka 40. Alikaa naye peke yake kama miaka 25, katika jamii ambayo mwanamume wa hadhi yake aliweza kuoa wangapi atakavyo. Khadija alifariki kama mwaka 619, Mtume akiwa na umri wa karibu 50. Wake wengine wote waliingia baada ya hapo.

Tazama ni akina nani. Sawda alikuwa mjane wa mhajiri wa Uhabeshi. Hafsa alifiwa na mume baada ya Badr, na baba yake Umar alizunguka mwenyewe kumtafutia mume, akamwendea Uthman, akamwendea Abubakar, wote wakakataa au kunyamaza. Hebu fikiria: baba anabisha hodi kumtafutia mume binti yake mjane, na hakuna anayemcheka, kwa sababu mjane bila mlinzi katika Bara Arabu alikuwa mtu aliye hatarini. Umm Salama alifiwa na mume kwa majeraha ya Uhud, akabaki na watoto wadogo. Mtume alipomposa alitoa udhuru: nina umri, nina wivu, nina watoto. Juwayriya alikuwa mateka wa Bani Mustaliq. Alipoolewa, masahaba waliona haya kuwashikilia shemeji za Mtume, wakawaacha huru watu wa karibu nyumba mia moja.

Uhud pekee iliua Waislamu kama 70 katika jeshi la kama 700. Mmoja kwa kila kumi, siku moja. Ni katika hali hiyo ya wajane na mayatima ndipo wafasiri wengi wanaiweka aya ya Suratun Nisaa inayotaja wake wanne. Na watu husahau upande ambao aya ilielekea: ilishusha idadi. Ghaylan wa Thaqif alisilimu akiwa na wake kumi. Aliambiwa abaki na wanne. Kwa mila yake, hiyo ilikuwa ni kupunguziwa.

Utaulizwa: mbona Mtume alibaki na zaidi ya wanne? Jibu liko katika Suratul Ahzab yenyewe. Aliruhusiwa wale aliokuwa nao, kisha akazuiwa kuongeza wala kubadilisha. Na wake zake walikatazwa kuolewa na mtu mwingine baada yake, wakiwa ni mama wa waumini. Kwa hiyo kuwaacha watano ili wabaki wanne kungekuwa kuwatupa wanawake watano wasioweza kuolewa tena. Ulinganishe na Nabii Sulaiman, ambaye Biblia ya jirani yetu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 11, inamhesabia wake 700 na masuria 300. Silitaji hilo kumcheka jirani; Sulaiman ni nabii wetu pia. Nalitaja kwa sababu mtu anayesoma sura hiyo Jumapili na kusema "ilikuwa desturi ya wafalme wa zamani" ameshakubali kipimo changu. Namwomba akitumie na Jumatatu.

SASA WEWE WA KWETU

Nilisema jibu hili lina makali pande mbili. Upande wa pili ni huu.

Kuna mzee, au kijana mwenye ndevu mpya, anayetaka kumtoa msichana darasa la saba amwoze, na akiulizwa anasema "Aisha je?" Ndugu yangu, umekwisha kuikubali hoja kwamba mambo yale yanasomwa ndani ya desturi ya wakati wake. Huwezi kuishika mkono wa kulia ukimjibu Mkristo, kisha uitupe ukirudi nyumbani kwako.

Desturi ya mtoto huyu ni ipi leo? Yuko shuleni. Bila cheti hana kazi, hana njia ya kujilinda ukimwacha, na kabila la kumpokea kama la Madina halipo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema miaka 18. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamwita mtoto yeyote aliye chini ya hapo, na kulala naye ni kosa la jinai. Na mwili wake ni uleule wa Margaret Beaufort: nyonga ya msichana wa miaka 13 haijamaliza kukua, na uzazi unaokwama siku mbili tatu ndio unaoleta fistula, mkojo unaovuja bila kukoma.

Usiniambie hii ni fikra ya Wazungu. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amenukuu kwamba kwa Malik, Shafi na Abu Hanifa mpaka wa msichana kukabidhiwa mumewe ni uwezo wake wa kulihimili jambo hilo, na kwamba uwezo hutofautiana, haufungwi kwa umri. Kadhi Ibn Shubruma wa Kufa, karne ya pili ya Hijra, alikataa kabisa mtoto asiyebaleghe kuozwa. Na mwaka 1917 dola ya Uthmaniya, dola ya ukhalifa, ilishika rai hiyo katika sheria yake ya familia, ikaweka umri wa ndoa kuwa 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke, na aliye chini ya hapo akahitaji idhini ya kadhi. Waislamu waliangalia zama zao wakabadilisha hukumu, zaidi ya miaka kumi kabla Uingereza haijagusa ile 12 yake.

Na kama kweli ni sunna unayoitafuta, mbona unaruka miaka 25 ya Khadija? Mwanzo wa ndoa za Mtume ni mwanamke aliyemzidi umri, mwenye mali yake, aliyemposa yeye, na hakumletea mke mwenza mpaka alipofariki. Mtaani wapo wajane wa umri huo, wenye watoto wa kulea. Sijaona foleni mlangoni kwao.

Basi, ndugu na dada, posti ijayo ukiletewa lile swali, usitukane na usifute. Mwulize mwenzio mambo matatu. Desturi na sheria ya mahali pale ilikuwa ipi? Kati ya kufunga ndoa na kuishi pamoja kulikuwa na hatua gani? Na maadui wa mtu huyo, waliomjua kwa macho, walilalamikia nini? Mwache ajibu kwa Margaret, kwa Henry, kwa Sulaiman, kisha kwa Muhammad (s.a.w.). Na siku mtu wa kwetu akija na binti wa miaka 14 mkononi, mwulize la kwanza tu kati ya hayo matatu, kisha mpigie chifu, kadhi na ofisi ya watoto kabla nikahi haijasomwa. Simu ya watoto ni 116, na haina malipo.